Kutetea hoja kwamba wajasiriamali huzaliwa, hawatengenezwi

“Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, na klabu yetu ya midahalo chuoni imenipanga kuwa mzungumzaji wa kwanza upande wa kuunga mkono hoja isemayo ‘Wajasiriamali huzaliwa, hawatengenezwi.’ Nina dakika saba. Shida ni kwamba mimi mwenyewe siiamini hoja hii, na kila nikiandika naishia kwenye hadithi za matajiri walioacha chuo. Nianzie wapi, na ni ushahidi gani ambao hautanigeuka? Ukiweza naomba na mfano wa hotuba yenyewe.”

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuzifuta hizo hadithi za matajiri walioacha chuo, zote. Kila moja ni zawadi kwa wapinzani wako. Ukimtaja Bill Gates, atasimama mtu akukumbushe kwamba mwaka 1968 shule yake ya sekondari ilipata mashine iliyounganishwa na kompyuta, wakati wanafunzi waliowahi kuigusa kompyuta walikuwa wa kuhesabika duniani, na kwamba baba yake alikuwa mwanasheria. Kisha atageukia waamuzi na kuuliza: huyu kazaliwa au katengenezwa? Huna jibu, kwa sababu jibu halipo. Katika maisha ya mtu mmoja, alichozaliwa nacho na alichofunzwa vimechanganyika kama maji na maziwa. Ili kuvitenganisha unahitaji watu wengi, tena wa aina ya pekee: pacha, na watoto walioasiliwa. Huko ndiko ushahidi wako uliko.

Ila kabla ya ushahidi kuna neno lenyewe. Nimekaa kwenye meza ya waamuzi mara nyingi, na hoja hii nimeiona ikifia kwenye neno “huzaliwa” kuliko mahali pengine popote. Upinzani utatamani useme kwamba mtoto hutoka tumboni na leseni ya biashara mkononi, ili wakucheke kwa dakika zao zote. Usiwape nafasi hiyo. Kiswahili chenyewe kinakubeba hapa. Tukisema fulani amezaliwa na kipaji cha kuimba, hatumaanishi aliimba siku ya kwanza, wala kwamba hakufanya mazoezi. Tunamaanisha kwamba wengine wangefanya mazoezi yaleyale na wasingefika alipofika. Hiyo ndiyo maana unayoihitaji, na kwa kuwa ndiyo maana watu wanayoitumia kila siku, hakuna mwamuzi atakayesema umeipinda hoja.

Na neno “mjasiriamali” je? Limeunganishwa kutoka jasiri na mali, na hilo ni mali kwako. Elimu ya mali inafundishika, yaani hesabu, kodi, kumbukumbu za mauzo. Swali la mdahalo ni kama ujasiri nao unafundishika. Lakini usibane tafsiri mpaka mjasiriamali awe mwanzilishi wa kampuni kubwa tu. Wengi hufanya hivyo wakidhani wamejilinda, halafu wanataja utafiti wa pacha, na mpinzani makini anawaambia kwamba utafiti huo ulihesabu watu waliojiajiri na walioanzisha biashara za kawaida. Tafsiri yako imewafungia nje mashahidi wako mwenyewe. Sema tu kwamba mjasiriamali ni mtu anayeanzisha na kuendesha biashara yake kwa hatari yake, halafu songa mbele.

Sasa ushahidi. Mwaka 2008 Nicos Nicolaou, Scott Shane na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza. Walichukua jozi 870 za pacha wanaofanana kabisa, wale waliotokana na yai moja, na jozi 857 za pacha wa jinsia moja waliotokana na mayai mawili. Pacha wa yai moja wana vinasaba vilevile. Wa mayai mawili, kama ndugu wengine wa tumbo moja, kwa wastani wanalingana kwa nusu ya vile vinasaba vinavyotofautiana kati ya mtu na mtu. Lakini jozi zote mbili zimelelewa nyumba moja, kwa umri mmoja, na wazazi walewale. Kwa hiyo kama nyumba ndiyo inayotengeneza mjasiriamali, jozi za aina zote mbili zingefanana kwa kiwango kilekile. Hazikufanana hivyo. Wa yai moja walifanana zaidi.

Hesabu yake si ngumu, na ni vizuri uielewe ili usitetereke ukiulizwa. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kiwango cha kufanana katika kujiajiri kwa pacha wa yai moja ni 0.50, na kwa wa mayai mawili ni 0.26. Tofauti ni 0.24. Kwa kuwa wa mayai mawili wana nusu ya ulinganifu wa kinasaba walio nao wenzao, tofauti hiyo inawakilisha nusu ya mchango wa urithi, kwa hiyo unaizidisha kwa mbili na kupata 0.48. Watafiti hutumia mbinu pana kuliko hii, lakini mantiki ni hiyo, na matokeo yao yalikuwa karibu na hapo: takriban nusu. Jambo la pili walilolikuta ni muhimu zaidi kwako, nalo watu wengi hulisahau. Mchango wa malezi ya pamoja nyumbani ulikuwa mdogo.

Ujue vizuri “nusu” ni nusu ya kitu gani. Si nusu ya mjasiriamali, wala si kwamba wewe binafsi una ujasiriamali wa kurithi kwa asilimia 48. Ni nusu ya tofauti kati ya watu katika jamii iliyopimwa. Ukiteleza hapo, mwanafunzi yeyote wa takwimu ukumbini atakuona.

Kuna mtego mwingine ambao niliwahi kuuona ukimwangusha msemaji mzuri sana. Alisema kwa sauti ya uhakika kwamba wanasayansi “wamegundua jeni ya ujasiriamali”. Kijana wa upinzani akasimama na taarifa ya maneno matatu: “Jeni hiyo inaitwaje?” Msemaji yule hakupona tena mpaka kengele. Jeni ya namna hiyo haipo. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Matthijs van der Loos lilipekua vinasaba vya maelfu ya watu likitafuta mahali hata pamoja penye uhusiano wa uhakika na kujiajiri, na halikupata. Lakini utafiti huohuo ulipojumlisha mchango mdogo mdogo wa sehemu nyingi kwa pamoja, ulifika takriban asilimia 25 ya tofauti kati ya watu. Kumbuka hili, maana ni silaha yenye ncha mbili. Linakukataza kutaja jeni moja, na papo hapo linakupa jibu kwa anayesema pacha wa yai moja hufanana kwa sababu watu huwatendea sawa: makadirio hayo yalitoka kwa watu wasio ndugu kabisa, wasiowahi kulelewa pamoja, na urithi bado ulionekana.

Basi hii hapa hotuba. Nimeiandika kwa mwendo wa kusema, si wa kusoma, na nimeacha pumzi kidogo ili upokee taarifa moja.

> Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi, mtunza muda, na wenzangu wa pande zote mbili: nasimama kuunga mkono hoja kwamba wajasiriamali huzaliwa, hawatengenezwi.
>
> Najua wapinzani wangu wamekuja na methali mfukoni. Watasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami ninayo yangu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Nawaomba waifikirie vizuri, kwa sababu nyoka wengi hutaga mayai wakaenda zao. Hakuna malezi, hakuna semina, hakuna cheti. Mtoto anavunja ganda peke yake, na tayari ni nyoka.
>
> Lakini methali si ushahidi, na sikuja hapa kucheza na maneno. Niseme ninachodai. Sidai kwamba mtu huzaliwa akijua kutunza vitabu vya hesabu. Sidai kwamba kujifunza hakuna faida. Nadai hivi: weka watu mia katika darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja, na mtaji mmoja mezani. Wachache watausogelea ule mtaji na wengi watabaki kwenye viti vyao. Kinachowatenganisha hao wachache na wengine kilikuwepo kabla mwalimu hajafungua mdomo.
>
> Hoja yangu ya kwanza inatoka kwa pacha. Uingereza, watafiti walilinganisha jozi 870 za pacha wa yai moja na jozi 857 za pacha wa mayai mawili. Nyumba moja, wazazi walewale, meza ileile ya chakula. Kama ujasiriamali hutengenezwa nyumbani, pacha hawa wote wangefanana sawasawa. Hawakufanana sawasawa. Wale wenye vinasaba vilevile walifanana zaidi, na hesabu ikaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika kujiajiri inatokana na urithi.
>
> Hapo mpinzani wangu anafurahi. Anasema: umekubali nusu, basi nusu ya pili ni yangu! Ndugu yangu, subiri. Utafiti huohuo uliuliza malezi ya nyumbani yanachangia kiasi gani, na ukakuta yanachangia kidogo. Nusu ile ya pili kwa sehemu kubwa ni mambo yanayomtokea pacha mmoja na kumpita mwenzake: ugonjwa, mtu aliyekutana naye njiani, kazi aliyoikosa siku moja. Hayo tunayaita majaaliwa. Kutengenezwa kunahitaji fundi. Nawaomba upande wa pili watuonyeshe fundi. Wasituonyeshe ajali na kuiita fundi.
>
> Hoja yangu ya pili, mheshimiwa mwenyekiti, niwamegee wapinzani ushahidi wao wenyewe kabla hawajaufungua. Sweden walifuatilia watoto walioasiliwa, ambao wana wazazi wawili waliowazaa na wawili waliowalea. Wakakuta kwamba mlezi mjasiriamali ana mchango mkubwa, mara mbili ya ule wa mzazi wa damu. Naukubali. Siufichi. Lakini mtazameni huyo mtoto. Ameondoka mikononi mwa mama yake angali mchanga. Hakuona duka la mama yake, hakusikia ushauri wake. Na bado, kama mama yule au baba yule alikuwa na biashara, mtoto huyu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanzisha ya kwake. Nani alimfundisha? Kwa njia gani? Upande wa pili una dakika saba za kutujibu swali hilo moja.
>
> Hoja yangu ya tatu ni juu ya hicho kiwanda kinachodaiwa kutengeneza wajasiriamali, yaani darasa. Uholanzi kilikuwepo chuo kimoja chenye kampasi mbili. Kampasi moja wanafunzi waliendesha kampuni ndogo ya kweli kwa mwaka mzima wa masomo, wakiwa na bidhaa, hisa na washauri. Kampasi ya pili hawakufanya hivyo. Watafiti waliwapima wote kabla na baada. Stadi za kijasiriamali hazikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Na hamu ya kuwa mjasiriamali, waheshimiwa, ilipungua.
>
> Ilipungua! Kiwanda gani hiki ambacho malighafi inatoka na pungufu ya ilivyoingia? Jibu ni kwamba hiki hakikuwa kiwanda. Kilikuwa chekeche. Wanafunzi waliijaribu biashara, wakaonja hatari yake, na wengine wakagundua kwamba hawakuumbwa kwa ajili yake. Darasa halikuwatengeneza. Liliwaambia ni akina nani.
>
> Watakaosimama baada yangu watakuja na mafunzo yaliyofanikiwa. Watawataja wafanyabiashara wa Lomé, Togo, waliofundishwa kujituma na faida yao ikapanda. Ni kweli ilipanda. Ila waulizeni waliofundishwa walikuwa nani. Walikuwa tayari wana biashara! Walikwisha kuthubutu kabla mwalimu hajafika. Kinoo hunoa kisu, hakigeuzi kijiti kuwa kisu. Mdahalo wa leo hauhusu kunoa. Unahusu kisu kilitoka wapi.
>
> Naunga mkono hoja.

Ukiisoma kwa mwendo wa kawaida wa jukwaani hotuba hii inaingia katika dakika sita hivi, na taarifa moja pamoja na jibu lake inakujazia inayobaki. Kama klabu yenu inafuata mtindo wa Bunge la Uingereza, taarifa haziruhusiwi dakika ya kwanza wala ya mwisho, kwa hiyo methali ya nyoka na kinoo viko salama pande zote mbili. Pokea taarifa mara tu baada ya sentensi ya fundi. Hapo ndipo wengi watasimama, na hapo ndipo una nguvu kuliko popote.

Nikueleze kwa nini nimeitanguliza Sweden badala ya kuiacha ije yenyewe. Huo ni utafiti wa Lindquist, Sol na van Praag, uliochapishwa mwaka 2015, nao kwa kweli ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi yako. Walikuta kwamba kuwa na mzazi mjasiriamali kunaongeza uwezekano wa mtoto kuwa mjasiriamali kwa takriban asilimia 60, kisha walipotazama walioasiliwa wakaona mambo ya baada ya kuzaliwa yana uzito mara mbili ya yale ya kabla. Ukingoja upinzani uutaje, waamuzi watausikia kwa mara ya kwanza kutoka kwao, kwa maneno yao. Ukiutaja wewe, wanausikia pamoja na yule mtoto asiyemjua mama yake, na picha hiyo haiwatoki kichwani.

Mpinzani akishikilia palepale, kwamba malezi yameshinda mbili kwa moja, una jibu moja zaidi ambalo sikuliweka kwenye hotuba kwa sababu ni refu. Utafiti wa walioasiliwa unapima kitu chembamba: mzazi mwenye biashara, na mtoto mwenye biashara. Lakini mzazi anaweza kuwa na tabia yote ya kijasiriamali na asianzishe chochote maisha yake yote, kwa kukosa mtaji au kwa kupata kazi nzuri mapema. Huyo anamrithisha mwanawe kitu ambacho utafiti haukioni. Tena vinasaba vya baba na mama vinachanganyika upya kwa kila mtoto, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawalingani. Pacha wa yai moja wana mchanganyiko uleule mzima, kwa hiyo wao wanaonyesha urithi wote, ule uliojitokeza kwa wazazi na ule uliolala. Ukipata taarifa juu ya Sweden, lijibu kwa sentensi mbili: “Mzazi anaweza kurithisha asichokitumia. Pacha wanatuonyesha hata hicho.” Usiingie ndani zaidi ya hapo ukiwa wima.

Pana ufa mmoja ambao sitaki ukugundulie ukumbini. Kundi la pacha lililotumika Uingereza lina wanawake wengi kupita kiasi. Na mwaka 2009 Zhen Zhang na wenzake walichapisha utafiti wa pacha wa Sweden uliokuta urithi mkubwa kwa wanawake, lakini kwa wanaume haukuonekana, na badala yake malezi ya pamoja ndiyo yaliyobeba uzito. Kama upande wa pili wana msomaji, atakuja na hili. Huwezi kulikana. Unachoweza kusema ni kwamba hata matokeo hayo yanawapa nusu tu ya wanadamu, ilhali wao wamekuja kukanusha hoja nzima, halafu urudi kwenye makadirio ya vinasaba ya mwaka 2013, ambayo hayakutegemea pacha. Si jibu kamili, nami sitakuambia kwamba ni kamili. Linatosha kukuvusha sekunde ishirini.

Togo inahitaji uangalifu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hapo hotuba yangu ina ujanja kidogo, na mwamuzi mzuri atauona. Utafiti huo, wa Francisco Campos na wenzake, ulitoka mwaka 2017. Walichukua wamiliki 1,500 wa biashara ndogo na kuwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza halikufundishwa kitu. La pili lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara, yaani hesabu, masoko na fedha, na faida yake ilipanda kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiki na bahati. La tatu lilifundishwa tabia: kuanza bila kusukumwa, kutazama mbele, kutokata tamaa unapokwama. Faida ya hao ilipanda kwa asilimia 30. Umeona hatari iko wapi? Mpinzani hodari hatasema mafunzo yanasaidia. Atasema: “Kile unachokiita cha kuzaliwa nacho, yaani moyo wenyewe, ndicho kilichofundishika, na hesabu ndizo zilizoshindwa.” Hapo kinoo chako kinaanza kutikisika.

Jibu lako libaki kwenye watu waliochaguliwa. Utafiti ule haukuchukua waajiriwa au wanafunzi na kuwafanya waanzishe biashara. Ulichukua waliokwisha anzisha, ukaongeza kile walichokuwa nacho. Ili hoja ya kutengenezwa isimame, upinzani unapaswa kuleta jaribio ambalo watu wasio na mwelekeo huo kabisa walifundishwa, wakaanzisha, na wakadumu. Walazimishe walilete. Ila usitamke neno “haliwezekani”, maana ukilitamka umebeba mzigo wa kulithibitisha. Sema tu “hamjalileta”.

Hoja nyingine zitakazokuja ni nyepesi. Watasema mtaji ndio kila kitu, na ni kweli kwamba Blanchflower na Oswald walionyesha mwaka 1998 kuwa watu waliopokea urithi wa fedha huelekea zaidi kujiajiri. Kubali haraka: fedha hufungua mlango, lakini si kila aliyefunguliwa hutoka. Watasema waanzilishi wa kampuni zinazokua kwa kasi kabisa Marekani walikuwa na wastani wa miaka 45 walipoanza, kwa hiyo ni uzoefu uliowatengeneza. Nao muda hupita kwa kila mtu, lakini wengi hufika 45 bila kuanzisha chochote. Usitumie zaidi ya pumzi moja kwa kila mojawapo.

Kuna ushahidi mmoja unaovutia ambao nimeuacha makusudi. Levine na Rubinstein, mwaka 2017, walionyesha kwamba Wamarekani waliokuja kumiliki kampuni zilizosajiliwa walikuwa tangu ujana na alama za juu kwenye majaribio ya akili, na pia walivunja sheria zaidi ya wenzao. Wanafunzi huupenda kwa sababu ya ule utundu. Lakini ujana si kuzaliwa, na vijana walewale walitoka zaidi kwenye familia zenye kipato kikubwa. Ukiuleta, umeuleta kwa ajili ya upinzani.

Kuhusu kutoiamini hoja: soma tena aya ya tatu ya hotuba, ile ya watu mia. Hicho tu ndicho unachokidai. Sidhani ni kigumu kukiamini kama ile sentensi uliyopangiwa ilivyosikika, na usipokitanua, sauti yako haitakusaliti.

Jipime kwa saa mara mbili, mara moja ukiwa peke yako na mara moja mbele ya mtu atakayekukatisha kwa taarifa. Ukizidi muda, punguza sehemu ya Uholanzi kwa kuondoa maelezo ya bidhaa, hisa na washauri. Ukizidi bado, toa aya nzima ya Togo na umwachie msemaji wenu wa pili, ambaye atakuwa na wa kumjibu. Sweden usiiguse.